Uji wa oti na kolesteroli: mbona kwa mama haijashuka?

#1 BintiNjoro
Wadau, hamjambo. Mama yangu ana miaka 61. Alipopimwa damu, LDL yake, ile kolesteroli mbaya, ilisoma 4.2 na daktari akamwambia aanze kwa kurekebisha chakula kabla ya kuzungumzia dawa. Nikasoma kwamba oti zina kitu kinaitwa beta-glukani ambacho hushusha kolesteroli, na kwamba shayiri nayo inacho. Tangu hapo kila asubuhi naongeza vijiko viwili vya oti kwenye uji wake wa wimbi. Imepita miezi miwili hivi, amepimwa tena, imesoma 4.3.

Nauliza mambo mawili. Je, habari hii ya oti ni kweli au ni ya kuuza maboksi ya supamaketi? Na la pili, huku kwetu shayiri inalimwa juu kidogo tu, Mau Narok. Si ingekuwa afadhali ninunue hiyo?

#2 KondeleJuu
Ni biashara, dada. Babu zetu hawakujua oti, walikula kuon, samaki na apoth, na hakuna aliyekwenda kupimwa LDL. Mrudishe mama kwa chakula cha nyumbani.

#3 MpishiWaMilimani
@KondeleJuu babu zetu hawakupimwa kwa sababu kipimo hakikuwepo, hiyo si hoja.

BintiNjoro, nafikiri shida ni mapishi. Uji wa wimbi huchemka muda mrefu, na ukichemsha oti sana hizo nyuzinyuzi za beta-glukani zinakufa. Mimi naweka oti kwenye maji moto, nafunika dakika tano, basi. Jaribu hivyo.

#4 MzeeWaSection58
Mimi ni shahidi. LDL yangu ilikuwa juu ya 5, nikaanza oti kila asubuhi, leo niko 3.9. Sijameza dawa yoyote. Oti zinafanya kazi, wasikudanganye.

#5 LisheKisumu
Habari zenu. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusuni niandike kidogo.

BintiNjoro, habari ni ya kweli na imepimwa kwa miaka mingi. Marekani iliruhusu watengenezaji wa oti waandike dai hilo kwenye pakiti tangu 1997, na shayiri ikaongezwa baadaye. Lakini dai lenyewe lina kiwango: gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Si gramu 3 za oti. Oti za kawaida zina beta-glukani kama asilimia 4 hivi ya uzito wake zikiwa kavu, wakati mwingine chini kidogo, wakati mwingine juu. Kabla hatujalaumu sufuria, naomba upime hivyo vijiko viwili. Vina gramu ngapi?

@MpishiWaMilimani, moto wa jikoni hauziui. Kuchemsha huzisaidia kutoka ndani ya punje na kuyeyuka kwenye uji. Oti za pakiti tayari zimepitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla hazijapondwa bapa, na mvuke huo ndio unaoua vimeng'enya ambavyo vingeikatakata beta-glukani.

#6 BintiNjoro
Nimeenda dukani kwa jirani, tumetumia mizani yake ya sukari. Vijiko viwili, vile vya mezani, vimejaa bila kilima: gramu 21.

#7 LisheKisumu
Asante kwa kupima, wengi huwa hawarudi. Sasa hesabu ni fupi. Asilimia 4 ya gramu 21 ni gramu 0.84. Mama anapata kama robo tu ya kiwango kilichotumika kwenye majaribio. Kufikia gramu 3 anahitaji kama gramu 75 hadi 80 za oti kavu kwa siku, karibu kikombe kizima kikavu. Ni nyingi kwa mkao mmoja, ndiyo maana nawaambia wagonjwa wangu wagawe: nusu kikombe asubuhi, nusu jioni. Kwa nusu kikombe weka vikombe viwili vya maji ukitaka uji wa kunyweka, kimoja ukitaka wa kula kwa kijiko.

Na mwongezee taratibu, wiki nzima kama si zaidi, pamoja na maji ya kutosha. Mtu asiyezoea akirukia kikombe kizima siku ya kwanza, tumbo hujaa gesi, naye huacha kabla hata hajaanza.

#8 ChepkorirMolo
Vile vipakiti vidogo vya oti zenye ladha ya ndizi na asali, vinahesabika?

#9 LisheKisumu
Vinahesabika, ila soma uzito. Kipakiti cha gramu 30, ukitoa sukari iliyomo, hakikufikishi hata gramu 1.2. Vitatu kwa siku, na sukari yote ile, simshauri mtu. Halafu ile "fiber" iliyoandikwa nyuma ya boksi inajumlisha nyuzinyuzi zote. Nyingi kati ya hizo si beta-glukani, kwa hiyo usizihesabu kama gramu 3 zako.

#10 MwalimuShinyalu
Daktari wa lishe, tueleze inavyofanya kazi, lakini kwa Kiswahili cha watu. Nina wanafunzi wananiuliza kila siku nyuzinyuzi hufanya nini tumboni zaidi ya kumpeleka mtu msalani.

#11 LisheKisumu
Mwalimu, mimi si daktari, ni mtu wa lishe tu, lakini nitajaribu.

Anza na ini. Ini huchukua kolesteroli na kuigeuza kuwa asidi za nyongo. Nyongo humwagwa kwenye utumbo mwembamba kusaidia kusaga mafuta. Kazi ikiisha mwili haupotezi kitu: karibu asilimia 95 ya asidi zile hufyonzwa tena mwisho wa utumbo huo na kurudi kwenye ini, zitumike mlo unaofuata.

Beta-glukani ikiyeyuka hufanya ute. Umeuona ukikosha sufuria ya oti, ule utelezi unaobaki kwenye vidole. Ndani ya utumbo ute huo unafanya yaliyomo yawe mazito, asidi za nyongo zinashindwa kufika vizuri kwenye ukuta zifyonzwe, na sehemu yake hupitiliza hadi chooni. Ini linabaki na upungufu. Linatengeneza nyingine, na malighafi ni kolesteroli, kwa hiyo linavuta LDL zaidi kutoka kwenye damu. Hapo ndipo namba inaposhuka.

Kwa hiyo usiulize tu "ipo ngapi". Uliza pia kama bado ni ndefu. Molekuli yake ni mnyororo, na ute hutokana na urefu wake. Ikikatwa vipande vifupi, gramu ni zile zile lakini ute haupo. Kuna jaribio lililochapishwa 2010, lililofanywa Kanada, Uingereza na Australia. Watu walikula nafaka za asubuhi zenye beta-glukani ya urefu tofauti kwa wiki nne. Waliopewa ndefu au ya wastani walishuka LDL kwa asilimia 5 hadi 6 hivi kulinganisha na waliokula pumba za ngano. Waliopewa ile iliyokatwa sana, tena gramu 4, walipata karibu nusu tu ya hapo.

#12 KondeleJuu
Asilimia 5! Kelele zote hizi kwa asilimia 5?

#13 LisheKisumu
Ndugu yangu, ndiyo, na ni vizuri watu wajue hivyo mapema. Kwa mama wa BintiNjoro, 4.2 ikishuka kwa kiwango hicho inakuwa 3.9 au 4.0. Haimfikishi peke yake. Ila inajumlishika na mengine anayofanya, na haihitaji cheti cha daktari.

#14 JoanWaMilimaniKisumu
Basi @MzeeWaSection58 alitokaje juu ya 5 hadi 3.9? Hiyo ni zaidi ya asilimia 20. Mzee, hebu tuambie ulikuwa unakula nini asubuhi kabla ya oti.

#15 MzeeWaSection58
Mandazi mawili na chai ya maziwa mengi. Wakati mwingine soseji. Na jioni nilipunguza nyama choma kwa sababu ya goti, daktari alisema nipunguze kilo. Nimepungua kilo kama nane.

#16 JoanWaMilimaniKisumu
Sasa unaona, mzee wangu. Mafuta ya mandazi, soseji na nyama yameondoka, kilo nane zimeondoka, halafu sifa zote wamepewa oti. Mimi nadhani hata angekula ndizi asubuhi angeshuka. Siri ya oti ni kile zinachokiondoa mezani, wala si huo ute.

#17 MzeeWaSection58
Mwanangu, oti ndizo zilizoniwezesha kuacha mandazi. Uji ule unakaa tumboni hadi saa saba. Ndizi haiwezi.

#18 LisheKisumu
Joan ana hoja kubwa kwa kisa cha mzee, na sidhani tutajua kila kimoja kilichangia kiasi gani. Lakini haimalizi habari ya oti. Ndiyo maana majaribio yale yalilinganisha na pumba za ngano: wote walibadilisha kifungua kinywa, wote walipata nyuzinyuzi, na bado wa oti walishuka zaidi. Kuna pia kazi ya Uswidi ya miaka ya 1990 ninayoipenda. Walitafuta watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ambao utumbo wao mwembamba unafunguka nje ya tumbo kwenye mfuko, hivyo kinachotoka kinaweza kupimwa kabla hakijafika utumbo mpana. Wakawapa mkate wa pumba za oti, kisha mkate ule ule uliotiwa kimeng'enya cha kuvunja beta-glukani. Asidi za nyongo zilitoka nyingi kwa mkate wa kwanza, zikapungua kwa ule wa pili. Chakula ni kimoja, tofauti ni ule mnyororo tu.

Cha ajabu, shayiri kwenye kazi hiyo hiyo ilitoa zaidi kolesteroli yenyewe kuliko asidi za nyongo. Kwa hiyo hata njia huenda si moja.

#19 DktBadoShuleni
Kuna njia nyingine mnaisahau. Bakteria wa utumbo mpana wanachachua beta-glukani na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo propionati, ambayo huenda kwenye ini na kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Sisi ndivyo tunavyofundishwa.

#20 LisheKisumu
Uchachushaji upo, hilo halina ubishi. Kwamba kiasi kinachofika kwenye ini la binadamu kinatosha kuzuia kolesteroli, ushahidi wake ni dhaifu kuliko wa nyongo. Na kama bakteria ndio wangekuwa wahusika wakuu, mnyororo uliokatwa nao ungefanya kazi vizuri, maana wanauchachua vile vile.

#21 DktBadoShuleni
Labda wanauchachua sehemu tofauti ya utumbo au kwa kasi tofauti. Siikubali hiyo kama jibu la mwisho, lakini nimekuelewa.

#22 MkulimaMauNarok
Nimesoma kimya mpaka hapa. BintiNjoro aliuliza shayiri na hakuna aliyemjibu, mmekaa kwenye nyongo.

Mimi nalima shayiri. Karibu yote ya huku inaenda kwenye kimea cha bia. Na wenye bia hawaitaki hiyo beta-glukani yenu hata kidogo, kwa sababu huziba pale wanapochuja. Wanachagua mbegu zenye kidogo. Kwa hiyo shayiri ya huku haina faida kwa mama yako, nunua oti.

#23 LisheKisumu
Karibu sana, mkulima. La kuziba vichujio ni kweli kabisa, ule ute ule ule tunaousifu hapa ndio unaowasumbua. Lakini mbegu ya bia haina sifuri. Shayiri kwa jumla huwa na asilimia 4 hadi 10, na ya bia hukaa upande wa chini wa hapo, yaani sawa na oti. Punje ambayo haijaoteshwa inafaa. Inapoteza beta-glukani yake ikishaoteshwa kuwa kimea, maana chipukizi hutoa vimeng'enya vya kubomoa kuta za punje ili lipate chakula, na kuta hizo ndizo beta-glukani.

#24 AskariWaLanet
Kwa hiyo machicha ya bia ninayowapa ng'ombe wangu hayana hiyo kitu?

#25 MkulimaMauNarok
Bosi, hayo yametokana na kimea, kubaki ni kidogo sana. Na ng'ombe wako akiwa na kolesteroli ya juu tuambie alipimwa wapi.

#26 AskariWaLanet
Niliuliza kwa sababu kuna jamaa mtaani anayakausha, anasaga, anauza kama unga wa afya ya moyo. Si mzaha.

#27 LisheKisumu
Unga huo una protini na nyuzinyuzi ngumu, kwa choo unaweza kusaidia. Kwa LDL kupitia njia tunayozungumzia hapa, nisingemlipia.

#28 MpishiWaMilimani
Sasa hapo kwa kimea pamenigusa. BintiNjoro anachanganya oti na uji wa wimbi. Huku wengi tunaweka unga wa wimbi iliyooteshwa ili uji uwe mwepesi na mtamu, wengine wanauchachusha usiku kucha. Je, vimeng'enya vya kimea cha wimbi havikati beta-glukani ya oti?

#29 BintiNjoro
Ndiyo, wimbi yetu tunaiotesha. Na uji wake huwa mwepesi sana, hata nikiweka oti haushikani.

#30 LisheKisumu
Wepesi huo unatokana na wanga kukatwa. Wanga na beta-glukani ni vitu viwili, na kila kimoja kina kimeng'enya chake, kwa hiyo uji kuwa mwepesi hakuthibitishi kwamba beta-glukani imekatwa. Wala uji kuwa mzito ukipoa si dalili kwamba ipo; uji wa mahindi nao huganda. Lakini mpishi amegusa jambo la kweli: kwenye mkate wa unga wa ngano uliochanganywa na oti, kuumuka kwa saa kadhaa hufupisha mnyororo, kwa sababu unga mbichi una vimeng'enya vyake. Kimea kikikaa vuguvugu na oti usiku kucha, mimi nisingekiamini.

Njia salama ni kutovichanganya. Apike oti peke yake, maji yachemke kwanza. Uji wa wimbi auchukue saa nyingine ya siku, ni chakula kizuri kwa sababu zake.

#31 MpishiWaMilimani
Au apike wimbi mpaka ichemke kabisa, moto uue vimeng'enya, ndipo atie oti. Ladha inabaki ile mama aliyoizoea.

#32 LisheKisumu
Hiyo pia inakubalika, na huenda mama akaipenda zaidi. Gramu tu zisipungue.

#33 FundiWaAhero
Nasoma nikiwa kazini. Kuhusu shayiri, mnasahau ganda. Punje ya shayiri ya shambani ina ganda gumu lililoshikana nayo, ukipeleka posho mill unasaga ganda na yote, uji unakwaruza koo. Sisi tuna mashine ya kukoboa mpunga. Mtu aliwahi kuniletea shayiri, nikaipitisha mara mbili nikiwa nimelegeza mashine, ikatoka safi ingawa nyingine ilivunjika. Swali langu: nikiikoboa hadi iwe nyeupe, sijaondoa hiyo beta-glukani?

#34 LisheKisumu
Swali zuri. Kwenye oti sehemu kubwa iko karibu na pumba, ndiyo maana pumba za oti zinazidi oti zenyewe kwa beta-glukani. Kwenye shayiri imetapakaa punje nzima hadi ndani, kwa hiyo hata iliyokobolewa nyeupe inabaki nayo. Unapoteza vitu vingine, vitamini na madini, kwa hiyo usiikoboe kupita ganda. Lakini ute unabaki.

Jinsi ya kuipika: iloweke usiku, mwaga maji, ichemshe hadi saa nzima. Mimi naiweka kwenye githeri mahali pa mahindi, na maharagwe yake. Kikombe kidogo cha shayiri kavu, gramu 70 hivi, kinakaribia gramu 3.

#35 MkulimaMauNarok
Nami niongeze jambo moja la usalama. Usinunue shayiri ya mbegu. Ile ya kupandwa imepakwa dawa, mara nyingi ina rangi, nyekundu au ya waridi. Haioshwi ikaisha, si ya kuliwa na mtu wala kuku. Omba ya mavuno, moja kwa moja kutoka kwa mkulima, na uliza kama ghalani iliwekewa dawa ya wadudu na lini.

#36 OtienoDunga
Mimi natumia statini, atorvastatini 20. Nikisoma hapa naona bora niache vidonge nile shayiri ya mkulima.

#37 LisheKisumu
Ndugu Otieno, tafadhali usifanye hivyo. Kidonge chako hushusha LDL kwa karibu asilimia 40, uji kwa 5 au 7. Vinaweza kwenda pamoja, na mimi ningeviachanisha kwa saa chache, maana kulikuwa na wagonjwa wa lovastatini ambao dawa ilipungua nguvu walipoimeza pamoja na pumba za oti. Kubadilisha dozi ni kazi ya daktari aliyekuandikia.

#38 BintiNjoro
Asanteni. Sasa akianza kikombe kizima, nimpime lini? Na nikiona 4.0 nijue ni oti?

#39 LisheKisumu
Baada ya wiki sita hivi, maabara ile ile, na kama awali alifunga kula basi afunge tena. Lakini hapa niwe mkweli kwako: LDL ya mtu mmoja hupanda na kushuka yenyewe, wiki hadi wiki, kwa kiasi kinachokaribia hicho tunachokitafuta. Hiyo 4.2 na 4.3 yako ni namba moja tu, haikupanda. Na 4.0 moja inaweza kuwa oti au isiwe. Ukiweza apimwe mara mbili, wiki moja au mbili katikati, uchukue wastani. Ikibaki juu, rudini kwa daktari, msisubiri miezi mingine mkiongeza oti.

#40 MwalimuShinyalu
Mimi narudi kwa @KondeleJuu, amepuuzwa. Kama siri ni ute, mrenda, yaani ile apoth yake, una ute kuliko oti zote za Nakuru. Ukiuinua na ugali unavutika hadi kwenye kiwiko. Kwa nini mrenda usifanye kazi ile ile?

#41 KondeleJuu
Asante mwalimu! Nilisema tangu mwanzo.

#42 LisheKisumu
Kwa mantiki ya nyongo, inawezekana kabisa. Isabgol inayouzwa kwenye maduka ya dawa ni ute wa mmea mwingine kabisa, nayo hushusha LDL. Tatizo ni kiasi. Kwa oti najua ni gramu ngapi za kitu gani. Kwa mrenda siwezi kumwambia mgonjwa ale bakuli ngapi.

#43 MwalimuShinyalu
Ile isabgol nayo ilianza bila kiasi, mtu akakaa akapima. Huku tunapika na magadi, na magadi ndiyo huachilia ute. Wa Maseno au Masinde Muliro wana maabara, wapime.

#44 JoanWaMilimaniKisumu
Magadi ni sodiamu, mwalimu. Mama wa miaka 61 mwenye kolesteroli huenda presha nayo iko karibu.

#45 MwalimuShinyalu
Basi tupike kwa munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe, ndio wa asili hata hivyo.

#46 JoanWaMilimaniKisumu
Huo una potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo mbovu ni shida nyingine.

#47 FundiWaAhero
Wakati mnabishana juu ya magadi, @MkulimaMauNarok, nipe gunia moja la mavuno yasiyo na dawa nilikoboe. BintiNjoro achukue kilo zake, na mwalimu nitamtumia za kupikia githeri.

#48 MkulimaMauNarok
Mavuno bado, ngoja mvua iishe. Yaliyoko ghalani yana dawa, sikuuzii hayo.